Kufunga kampuni iliyolala (Kenya): nianze na faini za KRA au barua kwa Msajili?

MwanaKisauni
Hamjambo wakuu. Nina kampuni ya dhima ya kikomo, iliandikishwa Mei 2020 kupitia eCitizen. Wakurugenzi ni wawili, mimi na dada yangu aliye Doha, na hisa ni zetu nusu kwa nusu. Haikuwahi kuuza kitu, haikuajiri mtu. Ritani za sifuri za 2020 na 2021 zilijazwa kwa wakati, za 2022, 2023 na 2024 hazikujazwa. Juzi nimefungua iTax nikakuta kwenye leja adhabu za PAYE, ile kodi ya mishahara, miezi 14, kila mwezi shilingi 10,000. Benki kuna akaunti yenye 3,400 hivi. Nataka kuifunga kabisa. Nimeandaa barua ya kumwomba Msajili wa Kampuni aifute. Niipeleke sasa huku nikipigania hizo faini, au nisubiri?

Kijana_wa_Leso
Kaka, usilipe hata senti. Kampuni ambayo haifanyi kazi Msajili huifuta mwenyewe, sheria ipo. Iache tu, baada ya miaka utaona jina lake kwenye Gazeti Rasmi. Halafu kuna msamaha wa faini, zote zinaondoka.

BiHesabu
Kijana, umeshika nusu. Ni kweli Sheria ya Kampuni ya 2015 inampa Msajili uwezo wa kufuta kampuni anayoamini haifanyi kazi, na majina hutangazwa kwa mafungu. Lakini Msajili na KRA ni nyumba mbili. Kampuni inaweza kufutwa kwenye daftari la Msajili na PIN yake ikabaki hai iTax, ikidaiwa ritani kila mwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Isitoshe, wewe huchagui siku ya kufutwa. Unaweza kungoja miaka mitano, na kila mwaka unaongeza adhabu nyingine ya ritani isiyojazwa.

Na msamaha uliokuwepo una tarehe zake. Wa kwanza ulifungwa 30 Juni 2024, wa pili ulianza Desemba 2024 ukafungwa 30 Juni 2025. Huo wa pili uligusa adhabu za vipindi vya hadi 31 Desemba 2023. Leo hakuna dirisha la jumla lililo wazi, kwa hiyo mtu asipange mambo yake juu yake.

MwanaKisauni, barua ya Msajili iweke kando kwanza. Sababu ni hii: ombi la kufutwa likishapokelewa, hutolewa tangazo kwenye Gazeti Rasmi likimwita yeyote mwenye pingamizi, na muda wake ni miezi mitatu. KRA akiwa anakudai, yeye ni mdai kama mdai mwingine yeyote. Akiweka pingamizi, ombi linasimama, umepoteza ada na muda. Na mara nyingi hujui kuna pingamizi mpaka miezi mitatu ipite na jina lisifutwe.

Dar_Mpole
Kwa BRELA, msajili wa kampuni huku kwetu Tanzania, utaratibu ni tofauti, ndugu. Unatakiwa uwe na hati ya TRA kwanza na leseni ya biashara uirudishe manispaa.

BiHesabu
Asante Dar_Mpole, ila muulizaji yuko Mombasa, kampuni ni ya Kenya. Sheria hazilingani, tusimchanganye.

MzeeWaLeja
Mimi naomba tutenganishe hizo faini kabla hajalipa kitu, maana ni za aina mbili na dawa zake ni mbili.

Aina ya kwanza ni ya ritani ya kodi ya mapato ya kampuni. Mwaka wa hesabu ukiishia Desemba, ritani inatakiwa ifike kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 5 ya kodi au shilingi 20,000, iliyo kubwa kati ya hizo. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo kampuni iliyolala inaangukia 20,000 kila mwaka. Watu wengi hudhani ni 2,000. Hiyo ni ya mtu binafsi. Kwako ni miaka mitatu, 60,000.

Aina ya pili ni PAYE, ambayo inatakiwa kila mwezi kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hata kama hujalipa mshahara. Ukishaandikishwa kuwa mwajiri, kunyamaza hakuhesabiki kuwa ni sifuri. Adhabu yake ni asilimia 25 ya kodi au 10,000, iliyo kubwa. Miezi 14 ndiyo hiyo 140,000 yako. Jumla ni 200,000, na sehemu kubwa imetoka kwenye wajibu ambao nina hakika hukuuomba.

Fungua cheti cha PIN cha kampuni, chapisha nakala mpya. Chini kuna jedwali la wajibu wa kodi, kila mmoja na tarehe ulipoanza. Tuambie PAYE inaanza lini na nani aliiweka.

MwanaKisauni
Nimeangalia. Kodi ya mapato inaanza Mei 2020, PAYE inaanza Novemba 2024. Novemba hiyo nilikwenda saiba kubadilisha nenosiri na kurekebisha anwani. Yule kijana alijaza fomu ya marekebisho mwenyewe. Nadhani alitia alama kwenye PAYE.

MzeeWaLeja
Ndivyo inavyotokea. Fomu ya marekebisho ina ukurasa wa wajibu wa kodi, na alama moja inatosha. Sasa hapa ndipo palipo pesa yako.

Mwaka 2023 Sheria ya Fedha iliondoa ule utaratibu wa zamani wa kuandika barua kuomba faini ipunguzwe. Kwa hiyo barua za "tunaomba huruma, biashara ilikuwa mbaya" hazina mahali pa kukaa kisheria. Lakini Sheria ya Fedha ya 2025, kuanzia Julai mwaka huo, ilirudisha mlango mwembamba: adhabu inaweza kuondolewa ikiwa imetokana na hitilafu ya mfumo wa kodi wa kielektroniki, kuchelewa kuuhuisha, adhabu kuandikwa mara mbili kwa kasoro ya mfumo, au mlipakodi kuandikishwa wajibu usio wake. Hilo la nne ndilo lako. Si haki ya moja kwa moja, wanaweza kukataa, ila angalau una kifungu cha kusimamia.

Barua yako kwa KRA iandike juu ya jambo hilo peke yake. Usiichanganye na habari ya kufunga kampuni, wala na zile 60,000. Kitu kama hiki:

> Kampuni hii, PIN iliyotajwa hapo juu, iliandikishiwa wajibu wa PAYE tarehe ___ kupitia fomu ya marekebisho. Kampuni haijawahi kuwa na mwajiriwa tangu ilipoandikishwa Mei 2020. Tunaambatanisha: nakala ya cheti cha PIN yenye tarehe ya wajibu, taarifa ya benki ya kipindi chote isiyo na malipo ya mshahara, na tamko la wakurugenzi wote wawili. Tunaomba wajibu huo ufutwe kuanzia tarehe ulipowekwa, na adhabu za miezi iliyoorodheshwa ziondolewe kwa sababu ya uandikishaji usio sahihi wa wajibu wa kodi.

Maneno "kuanzia tarehe ulipowekwa" yasikose. Ukiomba tu wajibu ufutwe, watauzima kuanzia leo, na ile miezi 14 ya nyuma itabaki kwenye leja.

Salma_wa_Likoni
Na mimi nisaidieni hapo hapo. Nina jina la biashara la duka, nililiandikisha 2018, duka limefungwa. Nami nalipa 20,000 kwa mwaka?

BiHesabu
Dada Salma, jina la biashara si kampuni. Halina PIN yake ukiwa mmiliki peke yako, linatembea na PIN yako wewe. Kwa hiyo hakuna 20,000 ya kampuni. Wewe unajaza ritani yako binafsi, na ukichelewa ni ile 2,000 ikiwa hakuna kodi. Duka likifungwa unapeleka taarifa ya kusitisha jina kwa Msajili kupitia eCitizen, basi. Ila usiache kujaza ritani yako kwa sababu duka limefungwa, PIN ni yako maisha.

MwanaKisauni
Mzee, nimekuelewa. Je, hizo PAYE za miezi iliyobaki nijaze sifuri huku barua ikisubiri?

MzeeWaLeja
Jaza. Najua inaonekana kama unakubali kuwa wewe ni mwajiri, lakini kutojaza kunaongeza 10,000 kila tarehe 9 ikipita. Kwenye barua taja kwamba unajaza sifuri ili kuzuia adhabu mpya, bila kukiri wajibu.

AfisaMstaafu_K
Naongezea jambo kuhusu zile ritani tatu za kampuni. Zijaze kwa mpangilio, 2022 kwanza, kisha 2023, kisha 2024. Menyu ni Returns, halafu File Nil Return, unachagua Income Tax - Company, unaandika tarehe ya mwanzo wa kipindi. Pakua risiti ya kila moja papo hapo, usiseme nitarudi.

Lakini kabla hujabonyeza, hakikisha kweli ni sifuri. Umesema kuna akaunti ya benki. Toa taarifa ya benki ya miaka yote mitatu uisome mstari kwa mstari. Pesa uliyoweka wewe mkurugenzi ili akaunti isifungwe si mapato. Ada za benki peke yake hazikufanyi mfanyabiashara. Lakini ukikuta riba, hata shilingi 90, hayo ni mapato ya kampuni, na ritani ya sifuri inakuwa tamko la uongo. Hapo unajaza ritani kamili, na ni heri umpe mhasibu.

BiHesabu
Nakubaliana kuhusu riba, sikubaliani kuhusu ada. Kampuni yenye ada za benki ina gharama, na kwa kawaida mimi hujaza ritani kamili yenye hasara ndogo ili vitabu viendane na taarifa ya benki.

AfisaMstaafu_K
Kwa kampuni inayoendelea, sawa, hasara ile itamfaa mbele. Kwa kampuni inayokwenda kufutwa, hasara ya shilingi 4,000 haimfaidii yeyote, na ritani kamili inamtaka alipe mtu wa kuandaa hesabu. Lakini naheshimu unavyofanya.

Kijana_wa_Leso
Bi, nimekubali kosa la msamaha. Lakini swali: ule wa pili uligusa vipindi vya hadi Desemba 2023, na kampuni hii haidaiwi kodi yenyewe, ni adhabu tupu. Je, ya 2022 na 2023 si zinasamehewa tu, hata akijaza leo?

MzeeWaLeja
Swali zuri, na wahasibu wanavutana juu yake. Sheria ilisema asiyedaiwa kodi ya msingi anaondolewa adhabu za vipindi hivyo bila kuomba. Upande mmoja unasema haki ilipatikana tayari, kwa kuwa kipindi ni cha kabla ya Desemba 2023. Upande wa pili unasema adhabu ambayo haikuwa imeandikwa kwenye leja dirisha lilipofungwa haikuwa na cha kusamehewa. Mimi niko upande wa kwanza, lakini sitamwambia mtu apange bajeti kwa imani yangu.

Cha kufanya: jaza ritani, tazama leja. Ikiandika 20,000 tatu, una siku 30 za kupeleka pingamizi tangu upate taarifa ya adhabu. Pinga ya 2022 na 2023. Ile ya 2024 haina utetezi, ilipe.

AfisaMstaafu_K
Mimi ningemshauri alipe zote tatu kama anataka kumaliza mwaka huu. Pingamizi la 40,000 linaweza kumla miezi, na wakati huo cheti cha uzingatiaji kodi hatakipata.

MwanaKisauni
Kulipa najua ni kwa PRN, ile namba ya malipo inayotoka iTax, lakini mara ya mwisho nililipa na deni likabaki pale pale.

AfisaMstaafu_K
Hapo watu wengi huumia. Unapotengeneza PRN, unachagua aina ya kodi, kisha kipindi, kisha kama ni kodi au adhabu. Ukilipa 20,000 ukachagua kodi ya kujikadiria ya 2024, pesa inaingia kama kodi uliyolipa zaidi, na adhabu inakaa vile vile. Leja itaonyesha pande zote mbili: salio upande huu, deni upande ule. Tengeneza PRN kutokana na deni lenyewe linaloorodheshwa, moja kwa kila mwaka, na kwenye M-Pesa tumia namba ya Paybill iliyochapwa kwenye hati hiyo, akaunti ni PRN. Kama tayari ulikosea, usilipe tena. Andika kuomba malipo yahamishwe, weka risiti.

Leja ikisoma sifuri, omba cheti cha uzingatiaji kodi humo humo iTax. Kikitoka ujue njia ni safi. Kikikataliwa, kinakupa sababu, na mara nyingi ni mwezi mmoja wa PAYE uliosahaulika.

BiHesabu
Sasa upande wa Msajili, maana hapo nako kuna ritani nyingine na watu wanazichanganya. Ritani za mwaka za kampuni, zile za kusema wakurugenzi ni nani na hisa ziko kwa nani, hazihusiani na KRA hata kidogo. Kujaza sifuri iTax miaka mitano hakujazi hata moja kule. Ingia akaunti ya kampuni kwenye eCitizen uone ni miaka mingapi imebaki, ujaze na kulipa. Halafu kuna taarifa ya wamiliki wanufaika, yaani watu halisi walio nyuma ya hisa, ambayo daftari lake la kielektroniki lilifunguliwa Oktoba 2020. Kampuni yako iliandikishwa kabla ya hapo kidogo, kwa hiyo huenda hamkuiweka. Pasipo hiyo, maombi mengine hukwama.

Kisha ombi la kufutwa. Linatolewa na kampuni kupitia wakurugenzi wote au walio wengi. Mko wawili, kwa hiyo walio wengi ni nyinyi wote wawili. Dada wa Doha lazima atie sahihi. Fomu unaichapa, yeye anatia sahihi kwa kalamu, anaskani na kukurudishia, unapandisha. Usimsainie. Sahihi yake iko kwenye fomu ya uandikishaji ya 2020 na italinganishwa.

Barua yenyewe iwe fupi:

> Sisi wakurugenzi wa kampuni iliyotajwa tunaomba jina lake lifutwe kwenye daftari chini ya kifungu cha 897 cha Sheria ya Kampuni, 2015. Kampuni haijafanya biashara, haijabadilisha jina wala kuuza mali yoyote katika miezi mitatu iliyopita. Haina mali wala deni. Haina kesi mahakamani wala utaratibu wa ufilisi. Tunaambatanisha azimio la wakurugenzi, cheti cha uzingatiaji kodi na barua ya benki ya kufunga akaunti.

Ona sentensi ya pili. Hiyo miezi mitatu inahesabiwa nyuma kutoka siku ya ombi. Mtu akibadilisha jina la kampuni Januari, hawezi kuomba Februari.

Na zile 3,400 zitoe kabla. Kampuni ikishafutwa, mali yoyote iliyobaki kwa jina lake inakuwa ya Serikali, na benki haitakuruhusu kuigusa. Kama pesa uliziweka wewe, andikeni azimio kwamba kampuni inamrudishia mkurugenzi mkopo wake, hamisha, kisha funga akaunti. Angalia pia kama kuna pikipiki, jina la tovuti au laini ya simu kwa jina la kampuni.

Ndani ya siku saba baada ya kuwasilisha ombi, nakala iwafikie wanahisa, wafanyakazi, wadai na mkurugenzi ambaye hakutia sahihi. Kwenu ni wawili tu na wote mmetia sahihi, lakini peleka nakala KRA, ukagongewe muhuri wa kupokea. Hutaki waseme baadaye hawakujua.

MwanaKisauni
Na muda wote huo wa tangazo, ritani inasimama?

BiHesabu
Haisimami. Hesabu vizuri tarehe. Ritani ya 2025 inatakiwa kabla ya 30 Juni 2026. Ukiwasilisha ombi Aprili, miezi mitatu ya tangazo inavuka Juni. Usipoijaza, Julai una 20,000 mpya na KRA ana sababu ya pingamizi. Jaza 2025 sasa pamoja na zile tatu.

Kampuni inahesabika imevunjwa siku tangazo la pili, la kufutwa, linapochapishwa. Chukua nakala ya ukurasa huo, ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Jaza ritani ya mwisho ya kuanzia 1 Januari hadi siku hiyo, kisha andika barua ya pili kwa KRA ukiambatanisha ukurasa huo, kuomba wajibu wa kodi ya mapato uzimwe na PIN ifungwe. Usipoandika hiyo barua, PIN haijifungi.

Salma_wa_Likoni
Jamani, na kama barua pepe iliyo kwenye iTax ni ya yule wa saiba? Taarifa zote si zitakwenda kwake?

AfisaMstaafu_K
Zitakwenda kwake, ndiyo. Siku 30 za pingamizi zinaweza kuisha hujui. MwanaKisauni, hilo lirekebishe leo kabla ya yote: weka barua pepe yako na namba yako. Ukishindwa kuingia, mkurugenzi aende mwenyewe kituo cha huduma na kitambulisho, CR12 ya hivi karibuni, ile hati ya Msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, na barua ya kampuni.

MwanaKisauni
Barua pepe ni ya saiba kweli, nimeiona sasa hivi. Kesho naenda kituoni. CR12 niliyo nayo ni ya 2020, itafaa?

AfisaMstaafu_K
Haitafaa. Omba mpya eCitizen usiku huu.

Kijana_wa_Leso
Ukijibiwa kuhusu ile 2022 na 2023 rudi utuambie. Nina kampuni ya mjomba inangoja jibu hilo hilo.